Barua kwa Chuo: Jinsi ya Kuwapata Wahitimu Unaowahitaji

Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapokaribia mitihani, masijala za vyuo vikuu vyetu hupokea barua za waajiri. Nyingi zinafanana. Kampuni inajitambulisha, inasema ina nafasi za kazi, kisha inaomba chuo kiipatie wahitimu bora, wenye nidhamu na wanaojituma. Barua inasainiwa na kugongwa muhuri, na mwajiri anakaa kusubiri. Mwezi ukipita kimya anasema vyuo havijali, anaweka tangazo mtandaoni, na hapo maombi yanammiminikia kutoka kwa watu wa kila fani isipokuwa ile aliyoitaka.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa muda wa kutosha kusema kwamba mara nyingi chuo hakikupuuza barua hiyo. Kilishindwa kuifanyia kazi. Mwajiri anaandika kana kwamba chuo ni mtu mmoja, wakati barua yake itapita mikononi mwa watu watano: karani wa masijala, mkuu wa taasisi, ofisa anayeshughulikia ajira za wahitimu, mwakilishi wa darasa, na mwisho kijana anayeisoma kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Ikikosa kitu ambacho mmoja wao anakihitaji, inaishia hapo kwake.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Kipo kiwanda cha ukubwa wa kati mjini Singida kinachokamua mafuta ya alizeti. Mavuno yanaanza kuingia katikati ya mwaka, na kiwanda kinataka vijana wawili wa kudhibiti ubora, waanze kazi Agosti. Mwenye kiwanda anafikiria Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na hapo amefikiri vizuri, kwa sababu SUA inafundisha shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula.

Swali la kwanza ni barua iandikwe kwa nani. Hapa watu wengi hukosea tangu kwenye anwani. Katika vyuo vikuu vyetu, Mkuu wa Chuo ni cheo cha heshima. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, aliyeteuliwa kushika cheo hicho mwaka 2016 ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete, na kazi yake haihusiani na kupokea maombi ya waajiri. Mtendaji mkuu wa chuo kikuu ni Makamu Mkuu wa Chuo. Kwenye taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam mambo ni tofauti, kwani huko mtendaji ndiye Mkuu wa Chuo au wa Taasisi. Kwa hiyo barua ya kiwanda chetu iende kwa Makamu Mkuu wa Chuo, na chini ya anwani yake itajwe ofisi inayohusika, ili karani na bosi wote wajue inakoelekea.

Ofisi hiyo haina jina moja nchi nzima. Kuna chuo chenye kitengo kamili cha ushauri wa ajira, kuna kinachoiweka kazi hiyo chini ya mshauri wa wanafunzi, na kuna kinachoiunganisha na ofisi ya wahitimu wa zamani. Piga simu chuoni kabla ya kuandika, uulize: wahitimu wakitafutwa na mwajiri, ni ofisi gani inashughulikia? Simu hiyo moja inaokoa wiki mbili.

Inaokoa wiki mbili kwa sababu ya safari ya barua yenyewe. Ikifika, karani wa masijala anaigonga muhuri wa kupokelewa, anaifungulia faili au kuiingiza kwenye faili lililopo, na faili linapanda kwa mkubwa. Mkubwa anaandika dokezo la mstari mmoja, kwa kawaida jina la idara na neno "shughulikia", na faili linashuka. Kama kichwa cha barua kinasema tu "YAH: OMBI LA USHIRIKIANO", mkubwa hana namna ya kujua kama ni ajira, udhamini wa mahafali au eneo la utafiti, na faili linaweza kwenda idara isiyohusika. Kama kinasema "YAH: NAFASI MBILI ZA UDHIBITI UBORA KWA WAHITIMU WA SAYANSI YA CHAKULA", dokezo linajiandika lenyewe. Ukiipeleka barua kwa mkono, nenda na nakala ya pili nayo igongwe muhuri. Siku hiyohiyo tuma nakala kwa barua pepe kwa ofisi ya ajira, ukieleza kwamba barua halisi imeshafika kwa Makamu Mkuu. Ofisa ataanza kuisoma kabla faili halijamfikia, ila hataitangaza mpaka apate dokezo. Baada ya siku tano za kazi, piga simu uulize faili liko kwa nani. Hakuna ubaya wowote katika kuuliza.

Sasa tuingie ndani ya barua. Ofisa wa ajira anapoifungua, jambo la kwanza analotaka kujua ni darasa lipi limpelekee. Hapo ndipo cheo peke yake kinapomwangusha. "Afisa Ubora" anaweza kuwa mtu wa chakula, wa kemia, wa takwimu, hata wa uhasibu katika kampuni fulani. Lakini mwajiri akieleza kazi yenyewe, yaani kupima unyevu wa mbegu zinapopokelewa, kupima asidi huru na peroksaidi kwenye mafuta, na kutunza kumbukumbu za kila bechi kwa ajili ya ukaguzi wa Shirika la Viwango, ofisa hahitaji kuuliza tena. Akimwonyesha mhadhiri wa sayansi ya chakula, mhadhiri ataona mara moja kwamba vipimo hivyo wanafunzi wake wamevifanya maabara, na pengine ataongeza kwamba wale wa Bayoteknolojia na Sayansi za Maabara nao wanaviweza. Hivyo ndivyo wigo unavyopanuka bila kumwaga nafasi kwa kila mtu. Mbegu mbichi zikihifadhiwa ghalani huota ukungu na mafuta yake hupanda asidi, kwa hiyo anayepima unyevu mlangoni ndiye anayelinda fedha za kiwanda. Kijana mwenye akili akisoma sentensi kama hiyo atajua kwamba kazi ina uzito, hata bila kuambiwa kwamba kampuni "inaongoza katika sekta".

Mwili wa barua ya kiwanda chetu, baada ya kumbukumbu namba, tarehe na kichwa cha habari, unaweza kuwa hivi:

"Sisi ni kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti kilichopo Singida mjini. Tunaomba tangazo lililoambatishwa liwafikie wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Sayansi na Teknolojia ya Chakula, pamoja na wa Bayoteknolojia na Sayansi za Maabara. Tunaajiri watu wawili. Watapima unyevu wa mbegu, asidi huru na peroksaidi ya mafuta, na kutunza kumbukumbu za kila bechi. Kazi ni ya zamu, ikiwemo ya usiku, na inaanza katikati ya Agosti. Mshahara ni shilingi 900,000 kwa mwezi kabla ya makato. Matokeo ya mihula iliyopita yanatosha kwa maombi; cheti kitaletwa baada ya mahafali. Maombi yaje kwetu moja kwa moja kabla ya tarehe 30 Juni. Hakuna ada yoyote. Tungependa kufanya usaili hapo chuoni siku moja mara baada ya mitihani, na tunaomba mtusaidie chumba. Mwezi Septemba tutawaandikia kuwajulisha matokeo."

Haijazi hata ukurasa, na kila sentensi ndani yake inajibu swali ambalo mtu fulani njiani angeuliza. Ziko nne ambazo waajiri huziacha, na hizo ndizo ninazotaka kuzizungumzia zaidi.

Ya kwanza ni ile ya cheti. Kwa kalenda ya vyuo vyetu vingi, mitihani ya mwisho huisha Julai au karibu na hapo, matokeo huthibitishwa na Seneti baadaye, na mahafali huwa Novemba au Desemba. Mwajiri anayetaka mtu aanze Agosti na papo hapo anadai nakala ya cheti cha shahada iliyothibitishwa na wakili anaomba karatasi ambayo bado haijachapwa. Wanaoweza kulitimiza sharti hilo ni waliohitimu mwaka jana au kabla yake, na hao hawako tena mikononi mwa ofisi aliyoiandikia. Ofisa anayejali atapiga simu kuuliza. Aliyezidiwa na kazi ataiweka barua kando. Omba matokeo ya mihula iliyopita, na weka sharti kwamba ajira itathibitishwa cheti kikipatikana.

Palepale kwenye sifa, tazama na ufaulu unaodai. Kwa alama za shahada zinazotumika nchini, daraja la kwanza linaanzia wastani wa 4.4, la pili la juu 3.5, na la pili la chini 2.7. Wengi huandika 3.5 kwa mazoea tu. Kwa kazi ya maabara ya kiwanda, mimi ningeweka 2.7 na kuomba nione alama za masomo mawili yanayogusa kazi, kama kemia ya chakula na udhibiti ubora. Kijana mwenye 3.0 aliyepata A katika masomo hayo atakufaa zaidi kuliko mwenye 3.8 aliyeyavuka kwa C.

Ya pili ni mshahara. Najua waajiri hawapendi kuutaja, wakihofia wafanyakazi waliopo watauona au mshindani atawazidi. Lakini mwajiri wa Singida anamwomba kijana wa Morogoro ahamie mji asioujua, na kijana huyo hawezi kuamua bila hesabu. Tuifanye. Kwenye shilingi 900,000, mchango wake wa NSSF ni asilimia 10, yaani 90,000. Kodi ya mapato hukatwa kwenye 810,000 inayobaki, na kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2021 inakuwa 80,500. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nayo ni 135,000. Anabaki na 594,500. Hapo alipe pango, chakula na nauli ya kwenda na kurudi zamu ya usiku. Kama kiwanda kina nyumba ya wafanyakazi au basi la zamu, liandikwe kwenye tangazo, kwa sababu kwa kijana huyo lina thamani kuliko nyongeza ya elfu hamsini. Asiyetaja mshahara hupata maombi mengi, kisha huona watu wakikataa baada ya usaili, na msimu wa alizeti haumngoji.

Ya tatu ni sentensi fupi kwamba hakuna ada. Ofisi za vyuo zimeshachoshwa na matapeli. Huja na barua yenye nembo nzuri, hukusanya namba za simu za wanafunzi, kisha huwadai fedha za "fomu", "mafunzo" au "vipimo vya afya". Ofisa aliyewahi kuwapeleka vijana kwa tapeli haisahau aibu hiyo, na kwa hiyo kila mwajiri mgeni ni wa kushukiwa kwanza. Msaidie akuamini. Weka namba ya usajili wa kampuni BRELA, mahali kiwanda kilipo kwa jina la mtaa, simu ya ofisi inayopokewa, na barua pepe yenye jina la kampuni kama ipo. Ambatisha nakala ya leseni ya biashara. Anaweza kuthibitisha yote hayo kwa dakika kumi, na akishathibitisha mara moja, mwaka unaofuata barua yako haitachelewa mezani kwake.

Kwa sababu hiyohiyo, usiombe orodha ya majina na simu za wahitimu. Zamani vyuo vingine vilitoa. Sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ofisi inayogawa namba za wanafunzi bila ridhaa yao inajiweka pabaya. Omba tangazo lisambazwe, na wenye nia wakutafute wenyewe. Wala usiiombe ofisi ikuchagulie "watano bora". Kuchagua ni kazi yako. Ofisa akiifanya, wale ambao hawakutajwa watasema amewapendelea wa kwao, na atakuwa hana la kuwajibu.

Lipo pia tangazo ambalo ofisi haipaswi kulibandika hata kama mwajiri ni mkubwa. Bado naona matangazo yanayotaka "msichana mwenye mvuto, asiyeolewa, asiyezidi miaka 25". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, hali ya ndoa, umri, ujauzito, ulemavu, dini, kabila na mengineyo, na inamhesabu mwombaji wa kazi kuwa ni wa kulindwa sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Masharti yatokane na kazi. Ukiandika kwamba mtu atapanda ngazi za tangi mara nne kwa zamu, umeeleza unachohitaji, na mwombaji atajipima mwenyewe.

Ya nne ni ahadi ya kurudisha majibu. Ofisi ya ajira hupeleka mamia ya vijana nje na mara chache husikia walikofikia. Vyuo vinatakiwa kujua wahitimu wao wameishia wapi, vinafanya tafiti za kuwafuatilia, na waajiri ndio wenye majibu. Mwajiri anayeandika Septemba kwamba maombi yalikuwa kadhaa, waliosailiwa nane, walioajiriwa wawili, na kwamba sita wengine walijua nadharia ya peroksaidi lakini hawajawahi kuipima kwa mikono yao, amempa mkuu wa idara kitu cha kupeleka kwenye kikao cha mitaala. Barua kama hiyo huifungua milango mingine: mwakani chuo kitakuomba upokee wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na hao utawaona wakifanya kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua unamtaka nani. Hakuna usaili unaoonyesha tabia ya mtu kama hayo mafunzo.

Tangazo lililoambatishwa nalo lina siri yake. Ofisa akilipata atalibandika ubaoni na kuwatumia wawakilishi wa madarasa, nao watalitupa kwenye makundi ya WhatsApp. Kuanzia hapo limeachana na barua yako; halina tena muhuri wala maelezo ya utangulizi. Kwa hiyo liwe ukurasa mmoja unaojitosheleza: jina la kiwanda, mahali, kozi zinazotakiwa, kazi, mshahara, tarehe ya mwisho pamoja na mwaka, na njia moja tu ya kuomba. Mwaka ni muhimu. Bila mwaka, tangazo litazunguka kwenye simu kwa misimu mitatu, na utakuwa ukipokea maombi ya nafasi zilizojazwa zamani.

Kama kiwanda kingetaka mhandisi wa mitambo wa kusimamia mashine za kukamulia, barua ingehitaji sentensi moja zaidi. Mhitimu wa uhandisi anatakiwa kupitia mpango wa miaka mitatu wa mafunzo kazini unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa, kabla hajawa mhandisi kamili. Vijana wanalijua hilo kuliko waajiri wengi. Ukiandika kwamba kiwandani yupo mhandisi wa kumlea, utawapata walio makini. Kama hayupo, sema, na ueleze mpango ulio nao.

Kuhusu usaili, mwenye kiwanda afanye hesabu ya nauli kwa pande zote mbili. Kuwaita vijana wanane Singida kutoka Morogoro ni kuwagharimu wanafunzi wasio na kipato, hata sasa ambapo treni ya SGR inawafikisha Dodoma kwa haraka, kwani bado kuna basi la kutoka hapo hadi Singida na mahali pa kulala. Mtu mmoja wa kiwanda kwenda Morogoro ni nafuu kwa wote, mradi aende kabla wanafunzi hawajatawanyika. Wakishafunga mizigo, mmoja atakuwa Kagera na mwingine Mtwara.

Ndiyo maana tarehe ya barua ina uzito kuliko ufasaha wake. Kwa nafasi za Agosti, iwe imeshagongwa muhuri masijala kabla ya katikati ya Mei. Inayofika mwishoni mwa Julai itamkuta ofisa yupo na ubao upo, lakini wanafunzi wameshaondoka.